Naomba ushauri: maneno na tarakimu kwenye mkataba wa mauziano ya kiwanja

Habari zenu wanajamvi. Ninanunua kiwanja kwa Sh. 8,250,000/=, lakini aliyeandaa mkataba ameandika kwa maneno "shilingi milioni nane na elfu mia mbili na hamsini", nami naona maneno hayo yanaweza kusomeka 8,250,000 au 8,200,050, kwa kuwa haijulikani kama hamsini ni ya maelfu au imesimama peke yake. Ningependelea "shilingi milioni nane, laki mbili na elfu hamsini tu", ambapo elfu imetangulia hamsini yake.

Muuzaji (mzee wa watu, hana neno) anasema tarakimu zinatosha. Je, ikizuka kesi, maneno hayatapewa uzito kuliko tarakimu? Na kwa kuwa tumekwisha kusaini, tukate na kusaini pembeni pamoja na mashahidi, au tuchapishe upya?