Naomba ushauri: jina la onesho la mavazi Unguja

Assalam alaykum wanajamii. Tunaandaa onesho la mavazi Ngome Kongwe, tumekwama kwenye jina. Wabunifu watakuja na kanga, vikoi, mabaibui na kanzu. Hakuna vazi la kuogelea wala taji.

Jina la mwanzo lilikuwa "Miss Visiwani". Tumelitupa, maana "Miss" humfanya mzazi afikirie mabinti kupimwa maumbo, na mbunifu anaona nguo yake itakuwa pambo la mshindi tu. La pili, "Usiku wa Kanga", linapendeza masikioni, ila mshona kanzu na mfuma kofia za viua watajiona hawamo. Na hilo "usiku" kwa baadhi ya wazee wetu bado lina harufu ya dansa.

Sasa tunaelemea "Mitindo ya Mwambao". Halitaji jinsia, halifungi aina ya vazi, na likihamia Chake Chake mwakani halitabadilika. Ubaoni linaacha nafasi ya mdhamini chini yake. Hatutaki jina la kampuni liingie ndani ya jina la onesho, kwani akijitoa tunaanza upya mabango yote.

Kabla ya kupeleka maombi ya kibali BASSFU, naomba mnisaidie mawili. "Mwambao" litamvuta mdhamini wa hoteli, au ni pana mno hata Mombasa waweze kulidai? Na tukiongeza "Zanzibar" mwishoni, litaonekana kama shughuli ya serikali?