Mrejesho: geji niliyoipiga picha kutoka pembeni

Niliuliza: "Picha ya geji ya kompresa nimeipiga nikiwa kushoto. Namba nyeusi za nje zinaonyesha 5.4, nyekundu za ndani karibu 80. Nishike ipi?"

Jibu: hakuna hata moja. Nyeusi ni bar, nyekundu ni psi. Vifupisho vimeandikwa kwa herufi ndogo chini ya ekseli ya mshale, nami nilikuwa nimevikata kwenye picha. Bar 1 ni takriban psi 14.5, kwa hiyo 80 ni kama bar 5.5. Skeli mbili za geji moja hazikupatana, na hapo ndipo nilipaswa kushtuka.

Leo nimesimama mbele kabisa, jicho likiwa sawa na mshale: bar 5.2, psi 75. Mshale uko kama milimita 4 juu ya uso wa geji. Ukitazama kutoka kushoto, unaonekana umesogea kulia, na ukiwa umeelekea juu, kulia ndiko namba zinakopanda. Skeli ya ndani imedanganya zaidi kwa sababu mduara wake ni mdogo, hivyo msogeo uleule unakula alama nyingi zaidi.

Kama mshale ungekuwa umelala kuelekea kushoto, picha ileile isingekosea sana, maana ungesogea kwa urefu wake tu. Ningedhani nina jicho zuri!

Picha mpya nimeipiga kwa mbali kidogo na kuivuta kwa zumu. Ekseli inaonekana katikati ya mduara; kwenye ile ya zamani ilikuwa imehama.