Mnaofowadi imeli yenye mkia wa wiki tatu na neno moja juu, "Tazama chini": acheni!

Karani_Mkuu:
Wakuu, hili limezidi. Bosi anaomba idhini imfikie kwa ufupi, nyie mnamrushia majibizano kumi na nne, nembo za kampuni tano na onyo la usiri lililojirudia baada ya kila jibu. Juu mmeandika "Kwa hatua zako." Hatua gani? Atafute mwenyewe?

Masjala faili haliendi kwa mkubwa bila dokezo la kumwambia asome folio ipi na aamue nini. Imeli nayo ni hivyo hivyo. Chukueni mfano wa ununuzi wa jenereta. Mstari wa juu uwe hivi:

> Bi. Asha, muuzaji amepandisha bei kutoka 18,400,000 hadi 19,250,000. Naomba idhini yako kabla ya Alhamisi saa 9 alasiri. Ankara kifani imeambatishwa. Maelezo yake ya jana yako hapa chini.

Kimebadilika nini, unataka nini, lini, aangalie wapi. Basi.

Halafu fungueni ujumbe wenye hoja na mfowadi HUO, si ule wa mwisho unaosema "Asante, nimepata." Ukimjibu mtu, kiambatisho alichokutumia hakiendi na jibu lako. Kwa hiyo ukifowadi ile "Asante," ankara haimo, na bosi anarudisha imeli kuuliza iko wapi. Siku imekwisha.

Mkishafowadi, mistari hii ya Gmail msiiguse:

```
---------- Forwarded message ---------
From:
Date:
Subject:
To:
```

Hiyo ndiyo inayoonyesha nani alisema na lini. Wekeni kishale baada ya neno la mwisho la ujumbe huo, bonyezeni Ctrl+Shift+End, kisha Delete. Mkia wote unaondoka. Saini yenu ikiwa ilikaa chini kabisa itaondoka nayo, irudisheni juu. Kwa mwandishi wa awali bakizeni jina, cheo na simu. Nembo na onyo la usiri, futa. Mkikata katikati ya maneno ya mtu, wekeni [...] ili ijulikane pamekatwa.

Pwani_Tulivu:
Mkuu punguza hasira. Gmail inakunja yenyewe, unaona vinukta vitatu tu. Mkia haumsumbui mtu.

Karani_Mkuu:
Inakunja kwenye kioo chako, haifuti! Hapo ndipo hatari ilipo: unafowadi usichokiona. Anayesoma kwa Outlook anaweza kuukuta wote umetandazwa. Na huko chini ndiko mlikojadili bei ya muuzaji wa pili, sasa mmemfowadia wa kwanza. Isitoshe, ujumbe ukizidi takriban KB 102, Gmail inaukata na kuandika "[Message clipped]". Na zile nembo kwa wengine zinatokea kama viambatisho, image001.png, image002.png, mtu anatafuta PDF moja katikati ya takataka.

MamaWawili:
Afadhali umesema. Kwenye grupu la ukoo wananifowadia dawa za kienyeji kila asubuhi, imeandikwa "Forwarded many times". Naifutaje hiyo alama?

Karani_Mkuu:
Dada, hiyo ni WhatsApp. Hapa tunazungumzia imeli za kazini.

Hesabu_Safi:
Nafanya ukaguzi wa ndani, na hapa sikubaliani. Mkianza kukatakata, nitajuaje bei ilipandaje? Idhini iliyotolewa kwa kipande cha mazungumzo mimi naitilia shaka.

Karani_Mkuu:
Ukitaka ushahidi, kwenye Gmail ya kompyuta kuna "Forward as attachment" kwenye menyu ya vinukta. Ujumbe unakwenda mzima kama faili la .eml, na vichwa vyake vyote. Bosi anasoma mistari mitatu, wewe unafungua faili.

Hesabu_Safi:
Faili hilo lina ujumbe ule mmoja na kilichonukuliwa ndani yake. Jibu lililotumwa pembeni halimo. Bado nataka uzi mzima.

Fundi_Mtandao:
Nyongeza muhimu: kabla ya kukata, angalieni kama kuna aliyeandika "majibu yangu yako chini kwa rangi nyekundu." Huyo kajibu NDANI ya nukuu. Ukifuta mkia umefuta majibu yake, na juu imebaki salamu tupu. Hapo nakili maswali na majibu yanayohusika, yapandishe juu, andika ni ya nani na ya tarehe gani, ndipo ukate.

Pwani_Tulivu:
Na sisi wa simu? Kuburuta kidole hadi mwisho wa uzi ule ni adhabu.

Fundi_Mtandao:
Ukiwa na simu na uzi ni mrefu, usifowadi. Anza imeli mpya, bandika aya inayohitajika pamoja na jina na tarehe, pakia kiambatisho upya. Ila Hesabu_Safi hatalipenda hilo.

Hesabu_Safi:
Silipendi kabisa. Aya iliyobandikwa kwa mkono inaweza kubadilishwa neno, na mimi sitajua.