Tupeane uzoefu: unasahihishaje barua pepe ya mistari miwili ili mwandishi ajifunze?

Karani wa Mtumba
Habari zenu wakuu. Ofisini kwetu kuna binti yuko fildi. Juzi aliniletea hii niipitie:

"Nyaraka hii nimeziambatanisha hapa chini, na kikao itafanyika kesho saa nne. Endapo kama kuna marekebisho, nategemea utanijulisha mapema."

Nikamwekea maoni saba pembeni. Akabonyeza kukubali yote, akatuma. Jana kaandika tena "kikao itaanza". Iliniuma. Wenzangu mnafanyaje?

Mama Nkuhungu
Dada, maoni saba yameifunika barua yenyewe. Mimi namrudishia kwanza barua safi isiyo na alama hata moja, aitume. Chini yake naweka sababu mbili, si zaidi:

"Kikao kitafanyika: ki- ya kikao inarudi kwenye kitenzi. Nyaraka hizi: wewe mwenyewe umeandika nimezi-."
"Endapo: linatosha, 'kama' linarudia maana ileile."

Hapo kwenye nimezi- ndipo penye faida. Kumbe anajua, sikio lake limeshapatanisha, ni "hii" tu imemponyoka. Ukimwonyesha alipopatia, anakumbuka. Kikao na nyaraka ni kosa la ukoo mmoja, kwa hiyo nimeviweka pamoja. Jina la kanuni siandiki.

Kaka wa Ipagala
Umeacha makosa mawili mama. "Nategemea" iwe "natarajia", na "nimeziambatanisha" ni kosa kabisa, sahihi ni "nimeziambatisha".

Mama Nkuhungu
La kwanza nakubali, nalibadilisha kwenye barua safi. Sababu yake nitampa wiki ijayo: unamtegemea mtu akusaidie, unatarajia jambo litokee. La pili, hata mimi napenda "ambatisha", ila "ambatanisha" limejaa kwenye barua za ofisi. Nikilisahihisha kama kosa, atadhani na ladha yangu ni kanuni. Naliacha.

Kaka wa Ipagala
Hapo hatujakubaliana. Tukiacha kila kilichozoeleka, tutasahihisha nini?

Mwalimu Kondoa
Mimi nilirudishiwa barua yangu imejaa wino mwekundu, na mkuu wangu aliwajibu wote waliokuwa kwenye nakala, watu 11. Masahihisho yalikuwa ya kweli, lakini sikusoma hata moja. Tangu siku hiyo napiga simu, siandiki.

Fundi wa Kisasa
Kama kiambatisho hakifunguki, mwambie akihifadhi upya ndipo atume.

Karani wa Mtumba
Kaka Fundi, kinafunguka, shida ni lugha. Mama, nitajuaje kwamba ameelewa, si kwamba amekariri "kikao kitafanyika"?

Mama Nkuhungu
Usiangalie neno kikao. Subiri aandike cheti, chumba au kitabu bila kuambiwa.

Karani wa Mtumba
Narudi baada ya siku nne. Nilimpa sababu mbili tu, kwenye barua yake peke yake. Leo kaandika: "Cheti kimefika, endapo kama utakihitaji nipo."

Mama Nkuhungu
Ki- imeingia, tena mara mbili! Kesho mrudishie hilo "endapo" tu.