Mteja ananing'ang'ania nimpe jibu, nimuulizeje alipate mwenyewe?

Kochi_Kijitonyama: Wakuu, habari zenu. Nina mteja, dada mmoja mhasibu, anafikiria kuacha kazi afungue duka la vitenge Kariakoo. Nikimuuliza, anajibu ndiyo au hapana, halafu ananigeuzia: "Kochi, wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?" Nimekwama. Nimuulize maswali gani?

Binti wa Mtoni: Mwambie abaki na mshahara wake. Mimi niliacha kazi, kilemba cha fremu kikanimaliza kabla sijauza hata doti moja. Mpaka leo mama mkwe ananicheka.

Mwl. Mstaafu: Hebu andika hapa ulichomuuliza, neno kwa neno.

Kochi_Kijitonyama: "Huoni kwamba ofisini utazeeka na mshahara uleule?" Na "Umewahi kufikiria kuanza na fremu ndogo?"

Mwl. Mstaafu: Huo ni ushauri umeuvisha kanzu ya swali, ndiyo maana anaitikia tu au anakataa. Akisema "ungefanyaje", muulize: "Ukiwaza kuacha kazi, kinachokuelemea zaidi ni nini?" Kisha nyamaza. Makochi wengi huharibia hapo: kimya kikiwatisha wanaongeza swali la pili, na mteja anajibu lililo jepesi. Akimaliza, uliza: "Kingine je?" Jibu la kwanza huwa ni lile alilokwisha kuwaambia watu wote.

Fundi Mashine: Mpige "kwa nini" mara tano mfululizo, kama wanavyofanya kiwandani Toyota mashine ikigoma. Mzizi utaonekana.

Mwl. Mstaafu: Kwa mashine, sawa. Mtu ukimuuliza "kwa nini hujaacha kazi?" anaanza kujitetea. Sema: "Nini kimekufanya ubaki mpaka leo?" Au muulize, kati ya 1 na 10, yuko tayari kiasi gani. Akisema 4, usiulize mbona si 10, atakusomea vikwazo. Uliza mbona si 2, utasikia anachokitaka. Ila kama hajui kwamba kodi ya fremu hudaiwa ya miezi kadhaa mbele, hilo mwambie tu. Asichokijua hutakichimbua kwa maswali.

Dada Sinza: Fremu ndogo imetoka wapi? Ya nani?

Kochi_Kijitonyama: Kuna moja ya shemeji yangu. Ila ipo pazuri kweli, na sijamlazimisha mtu.

Fundi Mashine: Kochi dalali 😂😂

Mwl. Mstaafu: Basi swali lolote utakaloliuliza litaelekea kwenye hiyo fremu. Mweleze mteja, achague kuendelea nawe au kutafuta kochi mwingine.

Kochi_Kijitonyama: Nikimwambia atakimbia. Na mwenyewe ameshaipenda.

Mzee wa Chai: Chai hii, tena ya rangi. Hakuna mteja, jamaa anatangaza fremu kiujanja.

Dada Sinza: Au mteja ndiye yeye mwenyewe.

Mwl. Mstaafu: Kochi, akikimbia, wewe unapoteza nini?

Binti wa Mtoni: Samahani, hiyo fremu ipo mtaa gani? Na anataka kodi ya miezi mingapi?