Waandaaji wa semina za malaria, acheni kubandika mzunguko mzima kwenye slaidi moja!

Mchonga Slaidi:
Wadau, hili jambo limenifika shingoni. Semina ya wahudumu wa afya wa jamii, watu wameacha shughuli zao wamekuja, halafu ukutani inatokea slaidi moja imeandikwa "MZUNGUKO WA MALARIA". Mishale tisa. Mbu, ini, chembe nyekundu za damu, gametosaiti, dawa na chandarua, vyote vimebanana humo humo, na nembo nne za wafadhili chini. Mtoa mada anasema "kama mnavyoona". Nani anaona?

Kisingizio ni kile kile kila siku: "mada ni kubwa, hairahisishiki." Mada ni kubwa kweli, lakini hakuna aliyekuomba uipunguze. Igawe! Kila slaidi iandikie sentensi moja kamili yenye kitenzi. "Mzunguko wa malaria" ni jina tu, halisemi kitu. "Vimelea hukaa kwenye ini takriban wiki moja bila dalili" ni wazo. Sentensi ikidai "na pia", hizo ni slaidi mbili.

Ule mchoro wa mishale tisa unatoa slaidi sita: mbu jike wa anofelesi anauma na kuingiza vimelea, vimelea vinajificha kwenye ini, vinatoka na kuvamia chembe nyekundu, chembe zinapasuka na homa inakuja, baadhi ya vimelea vinageuka gametosaiti na mbu mwingine anavinyonya, vinakomaa ndani ya mbu kwa siku 10 hadi 14 hivi, kutegemea joto. Kila moja na picha moja. Dawa na chandarua ni somo lingine, viondoe.

Mwl wa Bara:
Mkuu, nakubali nusu. Mzunguko ni duara. Ukiukata vipande sita, mwanafunzi anaondoka na vipande sita, na duara halioni tena. Ndiyo maana wengine tunauweka mzima.

Mchonga Slaidi:
Hoja nzuri. Duara libaki, ila dogo, kwenye kona ya juu kulia ya kila slaidi, upana wa sentimita 3 tu, bila maneno. Sehemu sita zote kijivu, ile unayoizungumzia nyekundu. Mtu anajua yuko wapi bila kusoma chochote. Slaidi ya saba ndiyo unaonyesha duara kubwa, na hapo kila sehemu wanaifahamu tayari.

Kijana wa Projekta:
Mnataka slaidi isibanane, iwe na nafasi tupu; mimi huweka mandharinyuma meupe kila mara na bado watu wanalalamika. Labda tatizo ni taa ya projekta?

Bi Takwimu:
Mdogo wangu, nafasi tupu si rangi nyeupe. Hata slaidi ya bluu iliyokoza inaweza kuwa nayo. Ni eneo ambalo hukuweka kitu, ili jicho liende moja kwa moja kwenye kile ulichoweka.

Na kuna mtego wenu mmoja: PowerPoint yenyewe hupunguza herufi maneno yakizidi kisanduku. Unaanza na ukubwa wa 28, unabandika aya, unajikuta kwenye 14 bila habari. Bofya kulia kwenye kisanduku, nenda `Format Shape`, kisha `Size & Properties`, `Text Box`, chagua `Do not Autofit`. Sasa maneno yakizidi yatamwagika nje ya kisanduku, utayaona, utayakata.

Halafu projekta nyingi za zamani ni 1024 kwa 768. Slaidi pana ya 16:9 inachukua robo tatu tu ya kimo chake, juu na chini weusi mtupu. Ukifika ukumbini umechelewa. Uliza mapema, ubadilishe kwenye `Slide Size`.

Tabibu Kijijini:
Nina wasiwasi na slaidi ya homa. Wengi huandika "homa huja kila saa 48". Kwa kimelea cha aina ya falsiparamu, wagonjwa wengi hawafuati saa hizo. Homa inakuja ovyo. Muhudumu akikariri hivyo atamwambia mama asubiri.

Mchonga Slaidi:
Umenisahihisha vizuri. Kurahisisha kusigeuke uongo. Slaidi ibaki "Homa huja chembe zinapopasuka", picha ya chembe moja iliyopasuka, basi. Saa 48 na ubishi wake viende kwenye `Notes`, mtoa mada avieleze kwa mdomo.

Mama Semina:
Nyie mnasema tu. Kwetu bosi ametoa amri: slaidi zisizidi kumi. Ndiyo maana nabananisha. Nifanyeje?

Bi Takwimu:
Amri hiyo inahesabu kitu kisicho sahihi. Slaidi sita za sekunde 40 kila moja ni dakika nne, na ile yako moja uliifafanua kwa dakika kumi na tano. Pima muda mbele ya bosi.

Mwl wa Bara:
Na kulinganisha aina mbili za vimelea, falsiparamu na vivaksi, je? Hapo ni mawazo mawili lazima yakae pamoja, la sivyo hakuna ulinganisho.

Mchonga Slaidi:
Tofauti moja kwa slaidi. Vivaksi anaweza kulala kwenye ini miezi kadhaa, falsiparamu hafanyi hivyo. Kushoto mmoja, kulia mwingine.

Mwl wa Bara:
Tofauti ziko tano, mkuu. Mimi bado naona jedwali lingefaa, walau kwenye karatasi wanayoondoka nayo.