Mjadala: Je, mawingu makubwa yanathibitisha kwamba picha ya ukame wa Bahi ni ya uongo?

Muulizaji, Dodoma mjini: «Inasambaa picha ya shamba la mahindi yaliyokauka yakiwa kimo cha goti, na maelezo yake yanasema ni Bahi, mwaka huu, mwezi wa pili. Wengi wanaikataa kwa sababu anga yake ni ya buluu iliyokolea na ina mawingu makubwa meupe. Je, anga inatosha kuikanusha?»

Mpiga picha, Area C: Kwa maoni yangu picha hiyo ina mashaka. Buluu iliyokolea huja pale hewa inapokuwa kavu, na mawingu ya ukubwa ule huhitaji unyevu mwingi, kwa hiyo mambo hayo mawili hayakai pamoja. Aliyeitengeneza amebandika anga ya mahali pengine.

Mwalimu wa jiografia, Kondoa: Ndugu mpiga picha, kuhusu unyevu umegusa jambo la kweli, lakini buluu haitokani na ukavu peke yake. Kinachoifanya anga iwe nyeupe ni chembe zilizomo hewani. Mwezi wa tisa hapa kwetu hewa ni kavu kabisa, na bado vilima vya mbali hufifia kwa vumbi na moshi wa mapori yanayochomwa, hata upeo wa macho ukawa na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na udongo. Mvua chache zikishanyesha, chembe hizo husombwa na buluu hurudi. Kwa hiyo vilima vinavyoonekana wazi katika picha hii vinaelekea zaidi kwenye miezi ya mvua kuliko mwisho wa kiangazi, na mbuyu ulioko kushoto, kwa kuwa una majani, unasema hivyo hivyo kwa nguvu zaidi kuliko anga.

Sasa tuyatazame mawingu. Vitako vyake ni bapa, vyote vimelingana, na viko juu sana ya vilima. Hewa inayopanda kutoka ardhini hupoa hadi mvuke uanze kugeuka matone, na kwa makadirio ya kawaida kila nyuzi moja ya tofauti kati ya joto la hewa na kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke wa hewa hiyo huanza kugeuka matone, hukipandisha kitako cha wingu mita 125 hivi. Tuseme alasiri ya Bahi ina nyuzi 31 na kiwango cha umande ni 13: kitako kitakuwa mita 2,250 juu ya ardhi. Pwani, penye nyuzi 30 na umande wa 23, kitakuwa mita 875 tu. Matone yanayoanguka kutoka juu vile hupita katika hewa kavu kwa zaidi ya kilomita mbili, na mengi hukauka njiani. Ukiikuza picha, chini ya wingu la kulia utaona mikia ya kijivu inayoning'inia bila kufika chini. Mkulima anaweza kuyatazama mawingu ya namna hiyo wiki nzima huku mahindi yake yakikauka.

Mkulima wa zabibu, Hombolo: Shikamoo mwalimu. Kwangu mawingu hayo yamekuja wakati zabibu zinakaribia kuvunwa. Je, nipulize dawa ya ukungu sasa au nisubiri?

Mwalimu wa jiografia, Kondoa: Marahaba, dada. Picha ya anga haiwezi kukujibu hilo. Yaangalie majani na vichala vyenyewe, kisha umwulize bwana shamba, kwa sababu karibu na mavuno kuna siku za kungoja baada ya kupuliza.

Mpiga picha, Area C: Mikia nimeiona, na hoja ya kubandika naiacha. Hata hivyo rangi bado siiamini. Simu nyingi hukoleza buluu zenyewe, na kichujio cha kupunguza mng'ao huitia anga giza, hasa kamera inapoelekezwa pembe mraba na jua. Tazameni mifuko ya sandarusi iliyo pembeni mwa shamba: tunaijua kuwa myeupe, lakini humu ina ubuluu hata kwenye sehemu inayopigwa na jua. Picha nzima imesukumwa upande huo.

Mwalimu wa jiografia, Kondoa: Hapo nakubali kabisa, na rangi ya anga niiondoe kwenye ushahidi. Vitako vilivyo juu navibakiza, kwa sababu kukoleza rangi hakuwezi kuvihamisha.

Mkazi wa Manyoni: Lakini anga hiyo hiyo huonekana kwetu Singida, Shinyanga na hata Karamoja. Kama inafaa kote huko, inatusaidia nini kuhusu Bahi?

Mwalimu wa jiografia, Kondoa: Kuhusu Bahi yenyewe haitusaidii. Inapunguza tu uwezekano wa pwani au wa mwezi wa tisa, tena ni hali ya alasiri moja. Wala haitaji mwaka: mwezi wa pili wa mwaka jana ungeweza kuwa na anga ile ile.

Muulizaji: Niliyonayo imepitia WhatsApp, na taarifa za siku ya kupigwa hazimo. Nimemwomba aliyeituma faili la awali, hajajibu.

Mkazi wa Manyoni: Basi mwombe pia picha ya upande wa pili wa shamba. Kilima kinachotambulika kwa umbo kitaondoa ubishi ambao mawingu hayauwezi.